Waifai ya nyumbani: Kuingia ni dakika mbili, kutoka je?

AJENTI wa intaneti hufika kwenye ploti akiwa na tabasamu na fomu ya ukurasa mmoja. Ruta ni ya bure, kuunganishwa ni bure, unalipa bei ya mwezi tu. Unaandika jina, nambari ya kitambulisho, unatia sahihi, na jioni unatazama sinema bila kuhesabu data. Poa sana.

Shida huja siku unapotaka kutoka. Umehama mtaa, umepata huduma ya bei nafuu, au mfuko umekauka. Unapiga simu kusema hutaki tena, na unaambiwa mkataba wako ulijirefusha wenyewe mwezi uliopita. Unauliza ni nani aliyekubali. Jibu ni kwamba ulikubali wewe, siku ile ya sahihi.

Kwanza jua kama hili linakuhusu. Kama unanunua bando, likiisha limeisha, na hakuna anayekudai, basi huna kifungo. Kifungo huanza pale kampuni inapokupa kitu cha thamani mwanzoni bila kukitoza: ruta, simu, au kazi ya fundi aliyevuta waya hadi sebuleni. Pesa hizo kampuni inazirudisha polepole kupitia bili zako, na ndiyo maana inataka ukae miezi 12 au 24. Ukisikia neno "bure", uliza swali moja tu: nikiondoka mwezi wa nne, nitalipa nini?

Swali la pili ni mkataba wenyewe uko wapi. Wengi hudhani ni ile fomu. Isome tena, hasa mstari mdogo ulio juu ya sahihi. Mara nyingi unasema kwamba umesoma na kukubali masharti ya jumla yaliyo kwenye tovuti ya kampuni. Hapo ndipo mkataba ulipo, kurasa kumi au ishirini za Kiingereza cha mawakili. Mwombe ajenti akutumie faili ya PDF kabla ya kutia sahihi, kisha uihifadhi kwenye barua pepe yako. Ukurasa wa tovuti unaweza kubadilishwa kesho. Faili uliyotumiwa leo ina tarehe.

Sasa, si lazima usome kurasa zote ishirini. Fungua faili kwenye simu au kompyuta, bonyeza sehemu ya kutafuta, kisha uandike maneno haya moja baada ya jingine: `renew`, `notice`, `terminat`, `commencement`, `equipment` na `relocat`. Mengine hayana herufi za mwisho, na hiyo ni makusudi. Ukiandika `terminat` utapata kila umbo la neno hilo. Kama `renew` halipatikani, jaribu `extend` au `successive`, kwa kuwa mkataba unaweza kujirefusha bila neno hilo kutajwa hata mara moja.

Kwa nini maneno mengi hivyo? Kwa sababu masharti ya kutoka ni nadra kukaa mahali pamoja. Kipengele chenye kichwa cha kusitisha mkataba kinaweza kusema tu kwamba unaweza kuondoka kwa kutoa notisi. Kinasikika kizuri. Lakini siku za notisi ziko kwenye kipengele kingine, namna ya kuituma iko mwisho kabisa, na siku ambayo mkataba ulianza imefichwa mwanzoni, kwenye orodha ya maana za maneno. Ukisoma kimoja bila vingine, utakosea tarehe.

Tuchukue mkataba wa mfano, ambao si wa kampuni yoyote. Unaishi Roysambu. Ulitia sahihi tarehe 10 Machi 2025, miezi 12, Sh3,000 kwa mwezi. Fundi alikuja kuunganisha na intaneti ikawaka tarehe 20 Machi. Mkataba wako wa nyumba unaisha Machi 2026 na unapanga kuhamia Kitengela, hivyo tarehe 2 Machi 2026 unapiga simu kwa huduma kwa wateja na kusema usiendelee kuhesabiwa. Mhudumu anasema sawa. Unalala usingizi mtamu.

Ukitafuta `commencement`, unakuta kwamba miezi 12 huhesabiwa tangu huduma ilipowashwa, wala si tangu sahihi. Kwa hiyo mwisho wako si tarehe 9 Machi bali 19 Machi 2026. Ukitafuta `renew`, unakuta kwamba mkataba utajirefusha kwa kipindi kingine sawa na cha kwanza, yaani miezi 12 tena, isipokuwa mteja atoe notisi siku 30 kabla ya mwisho. Hesabu nyuma kutoka tarehe 19 Machi: siku 19 zinakurudisha hadi 28 Februari, na siku 11 zaidi zinakufikisha 17 Februari. Hiyo ndiyo siku ya mwisho. Wewe ulipiga simu wiki mbili baadaye.

Na hata kama ungepiga mapema, ungekwama kwenye neno `notice`. Mkataba huu unasema notisi ni lazima iwe ya maandishi, itumwe kwa barua pepe iliyotajwa humo, na ihesabiwe kuanzia siku itakapopokelewa. Simu haikuandikwa popote. Ujumbe wa WhatsApp kwa ajenti pia si notisi. Ajenti kazi yake ilikuwa kukuingiza, huenda hata ameshaacha kampuni.

Sasa bili. Tuseme umegundua haya baada ya kuhama, ukatuma barua pepe sahihi tarehe 2 Aprili. Siku 30 za notisi zinaisha 2 Mei, na muda huo unalipa kama kawaida, tuseme Sh3,000. Kutoka hapo hadi 19 Machi 2027 imebaki miezi kamili 10. Mkataba unasema anayetoka mapema hulipa nusu ya bei ya miezi kamili iliyobaki: miezi 10 mara Sh1,500, ambayo ni Sh15,000. Kisha `equipment` inakuonyesha kwamba ruta haikuwa yako, ilikuwa ya kuazimwa, na isiporudishwa ndani ya siku 14 utatozwa Sh6,000. Ruta uliiacha kwa yule aliyerithi keja. Jumla ni Sh24,000, kwa huduma ambayo huitumii. Barua pepe ya mistari mitatu iliyofika kabla ya 17 Februari, pamoja na kurudisha ruta, ingefanya deni hilo kuwa sufuri.

Vipi kuhusu kuhama? Wengi hudhani kwamba kama kampuni haina waya kule Kitengela, mkataba umekufa. Soma kipengele chenye `relocat`. Baadhi ya mikataba huhamisha huduma kwa ada, na mingine husema wazi kwamba kukosekana kwa huduma unakoenda ni mzigo wako. Ukikuta hivyo kabla ya sahihi na unajua utahama ndani ya mwaka, chukua huduma ya kulipia kabla hata kama ruta utainunua mwenyewe.

Kuna mtego mwingine ambao hauko kwenye karatasi bali kichwani. Kufuta malipo ya kila mwezi kwenye M-Pesa Ratiba, au kuiondoa kadi yako ya benki, hakusitishi mkataba. Unakuwa tu mteja asiyelipa, na deni linaendelea kupanda hadi upigiwe simu na wakusanyaji madeni. Kinyume chake pia ni kweli: ukishatoka kihalali, hakikisha malipo ya kujiendesha nayo yamefutwa, la sivyo pesa zitaendelea kwenda.

Ukiwa tayari kutoka, andika barua pepe kwa anwani iliyo kwenye mkataba. Taja nambari ya akaunti, sema hutaki mkataba urefushwe, weka tarehe ya mwisho wa huduma, na uombe jibu la kuthibitisha. Usiandike "ninafikiria kuondoka" au "naomba mnishauri", maana hayo ni mazungumzo, si notisi. Jibu lisipokuja kwa siku tatu, tuma tena na uende ofisini kwao na nakala igongwe muhuri. Ukirudisha ruta, ipeleke pamoja na chaja yake, na usitoke bila stakabadhi yenye nambari ya mashine.

Je, sheria inakusaidia? Inasaidia, ila kwa mipaka. Kipengele cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inaingia ndani zaidi. Pale ambapo maneno ya mkataba yanaweza kueleweka kwa njia zaidi ya moja, inataka yasomwe kwa faida ya mteja. Kwa hiyo kama karatasi yako inasema "miezi 12" bila kueleza inahesabiwa kuanzia lini, una hoja.

Sheria hiyo pia inatambua kwamba mtu aliyebishiwa mlango anaweza kukubali haraka. Mkataba uliofungwa ana kwa ana nje ya ofisi ya muuzaji, ukifikia kiwango cha thamani kilichowekwa, unaweza kuuvunja bila kutoa sababu hadi siku 10 baada ya kupokea nakala yake ya maandishi. Hii ndiyo sababu nyingine ya kudai nakala na kujua ulipewa lini. Lakini usitegemee sheria ifute tarehe iliyoandikwa wazi kwenye mkataba ambao ulipewa nakala yake na ukautumia mwaka mzima. Hapo kesi yako ni ngumu.

Kampuni ikikataa notisi uliyoituma kwa wakati, lalamika kwao kwanza kwa maandishi na uchukue nambari ya malalamiko. Wasipotatua, peleka faili nzima kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya: mkataba, notisi yenye tarehe, jibu lao, na bili unayopinga. Mamlaka hiyo itataka kuona kwamba ulianzia kwa kampuni, kwa hiyo usiiruke hatua hiyo.

Kama tayari una mkataba, fanya hesabu leo. Tafuta ujumbe wa siku intaneti ilipowashwa, ongeza miezi ya mkataba, kisha urudi nyuma kwa siku za notisi. Tarehe utakayoipata iweke kwenye kalenda ya simu, na kengele ilie wiki mbili kabla yake. Ikilia, utaamua kama unabaki au unatoka, na uamuzi utakuwa wako.