Marehemu alizaliwa, marehemu alisoma, marehemu alioa

Kila aliyewahi kuhudhuria mazishi anaujua wasifu wa namna hii. Mpwa anakabidhiwa kipaza sauti, anafungua karatasi na kuanza:

"Marehemu alizaliwa Muheza mwaka 1948. Marehemu alisoma hadi darasa la nane. Marehemu alifanya kazi katika shamba la mkonge. Marehemu alihamia Tanga mjini mwaka 1974. Marehemu alianza kazi ya ushonaji. Marehemu alioa mwaka 1976. Marehemu alijaliwa watoto watano. Marehemu aliacha ushonaji baada ya macho kudhoofika."

Mfano huu nimeutunga, lakini haukosi ndugu zake. Kufikia sentensi ya tano waombolezaji wameshaanza kunong'onezana. Taarifa zote zimo na sarufi haina kasoro. Tatizo ni kwamba mwandishi alikusanya vyeti na kumbukumbu za shangazi, akaandika kila jambo kwenye mstari wake kama anayejaza fomu. Msikilizaji haambiwi lipi lilizaa lipi.

Wengi wakishtuka hukimbilia kubadili jina: sentensi hii "marehemu", inayofuata "mzee wetu", kisha "mpendwa wetu". Hapo mdundo unabaki uleule, na mgeni aliyekaa nyuma anaweza kudhani wanasemwa watu watatu. Wengine hupachika "pia", "vilevile" na "aidha" mwanzoni mwa kila sentensi, na aya inakuwa na viraka. Wapo wanaolifuta neno lenyewe, lakini Kiswahili kina mtego wake hapa, kwa kuwa kitenzi kinambeba mtenda. Ukiondoa "marehemu" unabaki na alizaliwa, alisoma, alifanya, alihamia. Kwa hiyo unapokagua aya, usiangalie neno la kwanza tu. Sikiliza na silabi zake. Ukiona "ali-" nne zimefuatana mwanzoni mwa sentensi, ugonjwa haujapona.

Dawa ni kuuliza mambo gani yanakwenda pamoja. Kuzaliwa, kusoma na kuingia kazini ni safari moja ya ujana, na kwa mambo yanayofuatana tunayo "-ka-": alizaliwa, akasoma, akaingia. Kitenzi cha kwanza kinaweka wakati, vinavyofuata vinakokotwa nacho. Kuhama mji na kubadili kazi yalikwenda sambamba, na "-po-" inatosha kuyafunga: alipohamia. Kazi ya mkonge imeshatajwa, basi inaweza kutangulia sentensi ijayo, mradi kitenzi kiipokee: kazi hiyo aliiacha. Nao watoto ni wa ndoa, hivyo ndoa yenyewe iachiwe kitenzi chake. Tuone:

"Marehemu alizaliwa Muheza mwaka 1948, akasoma hadi darasa la nane, kisha akaingia kazini katika shamba la mkonge. Kazi hiyo aliiacha mwaka 1974 alipohamia Tanga mjini na kuanza ushonaji. Miaka miwili baadaye alioa, na ndoa hiyo ikajaliwa watoto watano. Cherehani hakuiweka kando mpaka macho yalipodhoofika."

Sentensi nane zimekuwa nne. "Marehemu" limetajwa mara moja tu, na hakuna anayejiuliza anasemwa nani. Mwaka 1976 haukutajwa kwa tarakimu, ila bado unapatikana. Hilo nililifanya makusudi: ningeanza kila sentensi kwa "Mwaka 1974", "Mwaka 1976", ningekuwa nimetoka kwenye wimbo mmoja na kuingia mwingine.

Tahadhari mbili. "-ka-" nayo huchosha. Zikizidi tatu au nne katika sentensi moja, kata uanze upya. Tena inasema jambo hili lilifuata lile, kwa hiyo usiitumie kwa mambo yasiyofuatana. Ukiandika "alioa, akawa mpole", mjane atakuuliza kabla ya ndoa alikuwaje. Pia usiunganishe hadi msomaji akose pumzi, maana wasifu husomwa na mtu mwenye machozi. Sentensi isiyosomeka kwa pumzi moja au mbili ni ndefu mno.

Kuna mahali ambapo marudio yanastahili kuachwa. Mwishoni mtoto akisema, "Alitufundisha kushona. Alitufundisha kuweka akiba. Alitufundisha kunyamaza tukiwa na hasira," hiyo ni takriri, na ukiigusa unaiharibu. Tofauti yake na aya ya mwanzo ni kwamba hapa sentensi tatu zinajenga wazo moja na zinazidi kupanda. Ukizipangua, kitu kinapotea. Ile ya Muheza ungeweza kuipangua na kuipanga upya usipoteze chochote ila tarehe.

Ikiwa umekabidhiwa karatasi usiku na mazishi ni kesho saa nne, usihangaike na ukurasa mzima. Shughulikia utoto, kazi na ndoa, kisha mpe mwingine akusomee kwa sauti huku wewe ukisikiliza bila karatasi.