Punguzo Lipi Lianze?

Mkulima wa pamba wa Migato, mkoani Simiyu, anaagiza kwa simu bomba la kupulizia dawa kutoka duka la Dar es Salaam. Tuseme bei ni shilingi 80,000, na nauli ya mzigo kwa basi mpaka Bariadi ni 8,000. Mkononi ana msimbo wa punguzo la asilimia 10 na kuponi ya shilingi 5,000. Atalipa ngapi?

Inategemea kipi kimeanza. Asilimia ikitangulia, 80,000 inashuka hadi 72,000, kisha kuponi inaifikisha 67,000. Kuponi ikitangulia, asilimia 10 inakatwa kwenye 75,000, na bei inaishia 67,500. Zile shilingi 500 ni asilimia 10 ya kuponi yenyewe: kuponi ilipopunguza bei, ilipunguza na kile ambacho asilimia ingekikata. Utaratibu huo huamuliwa na duka, si mnunuzi, na duka la haki huuandika kwenye masharti.

Nauli kwa kawaida haiguswi na punguzo la bidhaa. Huongezwa mwishoni, na asilimia ikiwa imetangulia, jumla inakuwa 75,000.

Hesabu hii haifanyiki kwenye simu ya mteja, hata kama kiasi kinaonekana hapo. Simu hupeleka msimbo na orodha ya vitu kwenye seva ya duka. Seva ndiyo inayosoma bei upya na kukagua kama muda wa msimbo umekwisha, kama mteja alishautumia, na kama ununuzi umefikia kiwango cha chini. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Kiwango kikiwa 70,000, duka moja hupima bei ya awali, na mkulima wetu anapita. Jingine hupima bei iliyokwishapunguzwa, 67,000, na msimbo unakataliwa.

Jumla ikishafungwa, ombi la malipo hutumwa kwenye simu likionyesha kiasi na kumtaka mteja aweke namba ya siri. Baada ya hapo hakuna kinachobadilika katika kiasi hicho. Ndiyo maana keshibaki haimo. Kama duka limeahidi kurudisha asilimia 5 ya bei ya bidhaa iliyokwishapunguzwa, zile 3,350 zitaingia baadaye, mara nyingi baada ya muda wa kurudisha bidhaa kupita, maana bomba likirudishwa ahadi nayo inafutwa. Mkulima lazima awe na 75,000 kamili, pamoja na ada ya muamala kama ipo. Mwenye 72,000 akidhani keshibaki itajazia pengo, malipo yake yatakataliwa.

Kwa hiyo linganisha kiasi kilicho kwenye ombi na jumla uliyoiona dukani kabla ya kuweka namba ya siri. Vikitofautiana, ghairi papo hapo. Ukishalipa, punguzo lililorukwa utalidai kwa muuzaji, naye ndiye atakayeamua lini akurudishie.