Miaka Mitatu ya Mufilisi

Mwalimu wa sekondari Nakuru alifungua duka la vifaa vya ujenzi, likamfia mkononi. Mwalimu huyu nimemtunga, lakini hesabu zake ni zile zile ninazoletewa ofisini karibu kila wiki. Benki inamdai shilingi 900,000 zisizo na dhamana. Aliyekuwa akimletea saruji na mabati anadai 450,000. Chama chake cha akiba na mikopo kinadai 600,000, na gari alilonunua kwa mkopo limebaki na deni la 700,000. Jumla ni shilingi 2,650,000. Mwenye mabati amekwisha kupata hukumu, na dalali ameshapita nyumbani mara mbili akihesabu viti.

Swali lake la kwanza huwa ni jela. Nchini Kenya mdaiwa aliyeshindwa kulipa deni lililoamuliwa na korti anaweza kufungwa jela ya madeni hadi miezi 6, mradi korti iridhike kwamba ana uwezo na anakaidi. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inampa kinga. Mahakama Kuu ikishamtangaza mufilisi, wadai wa kawaida hawawezi kuendelea kumkimbiza kila mmoja kivyake. Dalali anarudi alikotoka, na kila mdai anapeleka dai lake kwa msimamizi wa ufilisi, ambaye mara nyingi ni Mpokeaji Rasmi wa serikali. Vifaa vya kazi, nguo na vyombo vya lazima vya nyumbani havichukuliwi.

Kinga hiyo ina matundu. La kwanza ni gari: benki iliyoweka dhamana juu yake italichukua vilevile, na pengo likibaki baada ya kuliuza, linaingia katika foleni ya madeni mengine.

La pili ndilo linalomfanya mwalimu wangu anyamaze. Mkopo wa chama ulidhaminiwa na walimu wenzake wanne. Ufilisi unamfungua mdaiwa, haumfungui mdhamini. Siku korti inapotoa amri, chama kinawageukia wale wanne, na makato yanaanza kuonekana kwenye hati zao za mishahara. Kila asubuhi atakuwa akinywa chai nao katika chumba cha walimu. Nimeona watu wakichukua faili zao na kuondoka walipofika hapo, na siwalaumu.

Anayebaki hujua gharama mapema. Ombi lake linatangazwa gazetini, na wadai wanaweza kulipinga. Majaji wamekataa maombi kadhaa walipoona mtu anatumia ufilisi kama kichaka cha kujifichia. Akikubaliwa, mali yake inapita mikononi mwa msimamizi, pamoja na ile atakayoipata kabla hajaachiliwa. Baba akifariki katikati na kumwachia nusu eka, nusu eka hiyo ni ya wadai. Hawezi kusafiri nje ya nchi wala kufanya biashara bila idhini, hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya korti, na Katiba inamzuia kugombea ubunge au udiwani mpaka aachiliwe.

Muda wa kawaida ni miaka 3, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Saa haianzi siku jaji anapotoa amri. Inaanza siku mufilisi anapowasilisha taarifa yake ya mali na madeni kwa msimamizi. Anayeiacha taarifa hiyo ikikaa kabatini mwaka mzima amejiongezea mwaka. Hata ikifika, mdai au msimamizi anaweza kupinga asiachiliwe. Na baada ya kuachiliwa, deni lililotokana na ulaghai lingali lake, sawa na malezi ya watoto yaliyoamriwa na korti.

Kuna njia fupi zaidi kwa asiye na kitu cha kuuza wala uwezo wa kulipa chochote, ambaye madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4. Huo ni utaratibu wa wasio na mali, unaoisha baada ya miezi 12, na mtu hupewa mara moja tu maishani. Kwa madeni yake, mwalimu angeingia. Lakini mshahara wake unamfungia mlango, kwa sababu anaweza kulipa angalau kidogo.

Nilipomwuliza kama ana kiwanja, alisita. Kisha akasema alikuwa nacho kimoja Njoro, ila mwaka jana alimwandikishia shemeji yake, bila malipo. Nikaiweka kalamu chini. Zawadi iliyotolewa ndani ya miaka 2 kabla ya kutangazwa mufilisi inaweza kufutwa, na kiwanja kikarudi kwa wadai. Nikamwambia akatafute hati, na aje na shemeji yake.