Barua ya Muuguzi Anayekwenda Kusoma

Alikuja nyumbani kwangu akitoka zamu ya usiku, miguu imevimba, mkononi ana karatasi aliyoikunja mara nne. "Shikamoo, Mama." Nikamwitikia marahaba, nikamkaribisha chai, naye akanikabidhi ile karatasi kabla hata hajakaa. Alikuwa amepata nafasi chuoni kusomea shahada ya uuguzi, na sasa ilimbidi aage wodi ya watoto wachanga aliyoitumikia kwa zaidi ya miaka minne. Mimi nimekuwa muuguzi mfawidhi katika hospitali ya shirika la dini hadi nilipostaafu, na barua za kuacha kazi zilikuwa zinapitia mezani kwangu. Nilijua anataka nimwambie kwamba imekaa vizuri.

Haikuwa imekaa vizuri. Ukurasa mzima ulikuwa wa shukrani, na shukrani zenyewe zilitoka moyoni kweli. Kuhusu kuacha kazi palikuwa na sentensi moja tu: "Naomba kuacha kazi mwanzoni mwa mwezi wa kumi ili niende kujiendeleza." Kwenye sentensi hiyo tulikaa karibu saa nzima, maana ndiyo ambayo ofisi ya utumishi ingeisoma.

Tulianza na neno "naomba". Sisi tumelelewa kuomba. Ni adabu, na mtu akiandika kwa mkubwa wake kalamu humwendea huko yenyewe. Lakini anayeomba husubiri jibu. Nimeona barua ya namna hiyo ikikaa kwenye faili wiki tatu, mwandishi akidhani notisi yake inahesabiwa, ofisi nayo ikidhani kuna ombi linalongoja uamuzi. Siku alipoaga wakashangaana, na wodi ikabaki na zamu nne za usiku zisizo na mtu. Kuacha kazi ni taarifa. Mwandishi anasema "natoa taarifa", na heshima yake ataionyesha katika sehemu nyingine za barua.

Tukaja kwenye "mwanzoni mwa mwezi wa kumi". Je, ni tarehe mosi, au ya tano? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28, iwe kwa maandishi, itaje sababu na itaje tarehe iliyotolewa. Mkataba unaweza kudai muda mrefu zaidi, kwa hiyo nilimtuma kwanza akalete wake tuusome. Ulisema siku 28 vilevile. Mfanyakazi akikataa kufanya kazi katika muda wa notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata fedha za siku hizo katika malipo yake. Mtu anayekwenda kulipa ada ya chuo hana haja ya kupoteza mshahara kwa sababu ya tarehe.

Lakini hesabu ya sheria peke yake haiitoshi wodi. Ratiba ya zamu za Septemba hupangwa siku za mwisho za Agosti. Ukileta barua tarehe 2 Septemba, sheria haikugusi, ila umemwachia mkuu wa wodi ratiba iliyokwisha kubandikwa ukutani, na atakayejaza pengo lako ni mwenzako aliyekuwa amepangiwa mapumziko. Ndiyo maana tulichagua Jumatatu, tarehe 25 Agosti 2025, na siku ya mwisho kazini ikawa Jumanne, tarehe 30 Septemba. Hizo ni siku 36. Zile nane za ziada alizitoa yeye kwa hiari yake, na kwangu mimi zilikuwa sehemu ya shukrani zake kabla hajaandika neno asante.

Palikuwa na jambo la likizo. Alibakiwa na siku 9, na alikuwa amefikiri azitumie mwishoni, yaani aandike barua kisha aende zake Moshi kusalimia wazazi huku notisi ikikatika. Haiwezekani: notisi haitolewi mtu akiwa likizoni, wala siku za likizo hazihesabiwi ndani ya notisi. Likizo ambayo hukuitumia huingia kwenye malipo ya mwisho, na ni vizuri barua iitaje ili isisahaulike.

"Kujiendeleza" tuliliondoa pia. Kila mtu anajiendeleza. Aliyepata nafasi aitaje: masomo gani, yanaanza lini, ni ya muda gani. Msomaji wa barua anataka kuelewa kwa nini mtu huyu hawezi kusoma na kufanya kazi kwa pamoja, na jibu ni kwamba masomo ni ya kutwa.

Hapo lazima nitoe tahadhari. Muuguzi wangu alikuwa mwajiriwa wa hospitali yenyewe. Kama wewe ni mtumishi wa umma, usianze na barua hii. Njia yako ni kuomba ruhusa ya masomo kupitia kwa wakuu wako, maana ukiacha kazi umekata ajira yako kwa mkono wako. Na usidanganywe na jina lililo getini. Katika hospitali za mashirika ya dini wapo wauguzi walioazimwa na Serikali, wanaofanya zamu moja na wengine lakini mwajiri wao ni mwingine. Soma barua yako ya ajira uone nani aliyekuajiri. Tena kama mwajiri aliwahi kukulipia mafunzo, tafuta ule mkataba wa mafunzo uone kama ulikubali kumtumikia miaka kadhaa baada ya kumaliza.

Ndipo tukafika kwenye shukrani. Alikuwa ameandika majina kumi na moja. Nilimuuliza kama mama anayefua mashuka alikuwemo, hakuwemo. Akafunika uso kwa viganja. Barua rasmi huingia kwenye faili na nakala yake husomwa wodini, na jina moja likikosekana huonekana kuliko yale kumi na moja yaliyopo. Nikamwambia majina ayaweke kwa siku ya kuagana, kwenye barua ataje matendo. Pia alikuwa ameandika habari za mtoto fulani aliyepona na mama yake. Hiyo tuliifuta kabisa. Habari za mgonjwa ni siri, hata zikiwa za furaha, hata jina lisipotajwa, kwa sababu wodini kila mtu atamjua.

"Sasa niambie," nikamuuliza, "walikufanyia nini?" Akanyamaza kidogo, kisha akanisimulia wiki yake ya kwanza. Alikuwa hajawahi kumwekea mpira wa kulishia mtoto wa gramu 1,100. Mtoto wa namna hiyo anaenea kwenye viganja viwili, na pua yake ni kama punje ya mahindi. Mwenzake mmoja alimwonyesha kupima urefu wa mpira kutoka puani hadi sikioni, kisha kushuka hadi chini ya mfupa wa kifua, akauwekea alama, halafu akasimama nyuma yake bila kumgusa mkono. Alisimama hivyo kwa zamu tano. Nikamwambia aandike hilo.

Barua ilitoka hivi. Majina na anwani nimeviondoa.

Wodi ya Watoto Wachanga,
25 Agosti 2025.

Mganga Mfawidhi.

Kupitia kwa: Muuguzi Mfawidhi.

YAH: TAARIFA YA KUACHA KAZI KWA AJILI YA MASOMO

Kwa heshima, natoa taarifa kwamba nitaacha kazi yangu ya uuguzi katika Wodi ya Watoto Wachanga, niliyoianza tarehe 1 Machi 2021. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa Jumanne, tarehe 30 Septemba 2025.

Nimepata nafasi ya kusomea Shahada ya Sayansi katika Uuguzi, masomo ya kutwa ya miaka minne yanayoanza Oktoba 2025.

Hadi siku hiyo nitafanya zamu zote nitakazopangiwa. Nitakabidhi kwa maandishi funguo za kabati la dawa, daftari la uzito wa watoto na vifaa vilivyo chini yangu kwa muuguzi atakayeteuliwa na Mkuu wa Wodi. Nina siku 9 za likizo ambazo sijazitumia. Naomba zihesabiwe katika malipo yangu ya mwisho. Naomba pia kupatiwa hati ya utumishi.

Naushukuru uongozi wa hospitali kwa kuniamini nikiwa nimetoka chuoni. Shukrani zangu za pekee ni kwa wenzangu wa wodi, wauguzi, wahudumu na madaktari. Walinipokea nikiwa sijawahi kumwekea mpira wa kulishia mtoto wa gramu 1,100, wakasimama nyuma yangu zamu baada ya zamu hadi mkono wangu ukatulia. Walinibadilishia zamu nilipofiwa. Mashuka safi hayakukosekana wodini hata usiku maji yalipokatika. Ninachokwenda kukisoma nilianza kujifunza kwao.

Wako mtiifu,

(Sahihi, jina na cheo)

Nakala: Mkuu wa Wodi.

Utaona haizidi ukurasa mmoja. Utaona pia kwamba barua inamwambia Mganga Mfawidhi, kwa hiyo wenzake wanatajwa kama "walinipokea", si "mlinipokea". Katika rasimu ya kwanza alikuwa anahama, mstari huu anaongea na bosi, mstari unaofuata anaongea na rafiki zake, na barua ikawa kama mtu anayegeuzageuza shingo. Joto la maneno halikupungua kwa kuandika "walinipokea". Mimi naona liliongezeka, maana sasa anawasifu mbele ya mkubwa wao, na sifa hiyo inabaki kwenye faili.

Palikuwa na sentensi moja aliyoing'ang'ania: "Nikikosea popote mnisamehe." Nilimwomba aiache kwa siku ya kuagana. Wodini ni neno la unyenyekevu, ila kwenye faili la kazi, msomaji wa miaka ijayo asiyemjua anaweza kujiuliza kulikuwa na kosa gani. Alikubali kwa shingo upande, na sikumlaumu.

Kabla ya kuipeleka nilimsisitiza aanze na mkuu wake wa wodi ana kwa ana. Si vizuri mtu uliyekesha naye apate habari zako kwa masijala. Akafanya hivyo Jumatatu baada ya ripoti ya asubuhi, wakiwa wawili kwenye chumba cha dawa. Mkuu wa wodi alisoma hadi pale kwenye zamu baada ya zamu, akavua miwani. Yeye ndiye aliyekuwa amesimama nyuma.

Kisha barua ikapelekwa masijala kwa nakala mbili. Moja ilibaki, ya pili aligongewa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe ya siku ile, akaikunja na kuiweka kwenye mfuko wa sare. Ilikuwa inakaribia saa tatu, na saa tatu watoto wa mpira hulishwa. Akarudi wodini kupima maziwa.