Simenti iliyoshika mawe: namna ya kuhesabu mali ya depo mwisho wa mwaka

Tarehe 31 desemba, wauzaji wengi wanahesabu mali ya depo kwa bei waliyonunulia. Lakini kuko mali imeharibika, na ingine imelala miaka mbili bila mteja. Kuiandika kwa bei ya zamani ni kujidanganya.

Kanuni ni hii: kila aina ya mali inaandikwa kwa bei iliyo ya chini kati ya mbili. Ya kwanza ni ile iliyolipwa mpaka mali ikafika depo, pamoja na usafiri. Ya pili ni makuta ambayo mali itaingiza kweli ikiuzwa, kisha kutosha gharama za kuiuzisha.

Tuchukue mfano wa mama mmoja anayeuzisha vifaa vya ujenzi. Iko na mifuko 100 ya simenti, kila moja dola 14 na usafiri ndani. Mifuko 80 ni mizuri, na inauzwa dola 16. Basi inabaki kwa 14, jumla 1.120. Mifuko 20 ilinyeshewa na ikashika mawe. Mtu anakubali kuinunua dola 5, lakini mbebaji anaomba dola 1 kwa kila mfuko. Inabaki dola 4, jumla 80. Ilikuwa imelipiwa 280, hasara ni 200.

Ndoo 30 za rangi zilinunuliwa dola 20 kila moja. Rangi hiyo watu hawaitaki tena, leo ndoo inatoka kwa dola 15, na kijana anayeitembeza anapata 1. Zinaandikwa kwa 14, jumla 420. Hasara ni 180. Misumari ya dola 500 itaingiza dola 900, lakini inabaki 500, juu faida haiandikwe mbele ya kuuza.

Depo haiko tena na mali ya dola 2.500, ni ya 2.120.

Kosa la wengi ni kuchanganya yote. Mama huyo akijumlisha makuta yatakayoingia, anapata 2.680, kupita bei ya kununulia. Ataona hakuna hasara, kumbe faida ya misumari, ambayo haijaingia bado, imeficha simenti na rangi.

Kama hesabu ilimuonyesha faida ya dola 1.000, ya kweli ni 620. Akitosha 1.000 kulipa minervali ya watoto, dola 380 zinatoka ndani ya mtaji, na safari ijayo atanunua mali kidogo.

Mali kulala peke yake si hasara. Kama bado itaingiza kupita bei iliyonunuliwa, inabaki kwa bei hiyo. Fishi ya stoki ndiyo inaonyesha tarehe ya mwisho iliuzwa. Pia, kwa hesabu za OHADA, ambamo Kongo iliingia mwaka 2012, bei ya kununulia haifutwe: upungufu unaandikwa kando. Bei ya rangi ikipanda tena, upungufu unapunguzwa, lakini bila kupita dola 20 za mwanzo.