Kuchora Ubavu wa Jino la Gia

Uzi uliokazwa ukifunguka kutoka kwenye duara la msingi, ncha yake huchora ubavu wa jino la gia. Chukua gia ambayo nusu kipenyo cha duara hilo, r, ni milimita 18.794, na ncha za meno ziko milimita 22 kutoka kitovuni.

```
x = r(cos t + t sin t)
y = r(sin t - t cos t)
```

Anza na t = 0, panda kwa hatua ndogo hadi 0.6085, ambapo mkunjo hufika nchani. Kwenye 0.3, x ni 19.62 na y ni 0.17. Pembe lazima iwe ya radiani: kikokotoo kikiwa kwenye digrii, y hutoka karibu -5.5 na nukta huruka kando. Ukiona alama hiyo ya kutoa, rekebisha kikokotoo kwanza. Ndani ya duara la msingi mkunjo huu haupo kabisa, kwa hiyo shina la jino huchorwa kwa mstari mwingine.