Jina la kampuni ya viwanja hupimwa siku ya kulipa

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam utakuta ukuta umeandikwa kwa rangi: "Nyumba hii haiuzwi. Ogopa matapeli." Mwenye nyumba ameandika hivyo kwa sababu wapo watu wanaouza visivyo vyao. Humo humo ndimo kampuni za kuuza viwanja zinamotafuta wateja, na mteja anayezijia amebeba akiba ya miaka mingi.

Wengi wa waanzilishi huvutiwa na maneno ya Kiingereza yenye maana ya ufalme, dhahabu au kilele. Tatizo lake ni kwamba majina hayo yanafanana. Mteja akiambiwa jina la namna hiyo na dalali kwa simu, kisha akalitafuta, anakuta matatu yanayokaribiana na hajui lipi ndilo. Mkanganyiko huo humfaa tapeli tu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Watu wawili wamenunua shamba la ekari 10 Kibaha, wanataka kulipima na kuuza viwanja. Wazo la kwanza ni kuliweka neno "Hati" ndani ya jina, kwa kuwa hati ndiyo anayoitaka kila mnunuzi. Nawashauri waliache. Shamba lao linahitaji mchoro wa mipango miji uidhinishwe, wapimaji waweke mawe ya mipaka, ramani ya upimaji ipitishwe, ndipo maombi ya hati yaanze. Hatua hizo hupita kwenye ofisi ambazo kampuni haiziamrishi. Hati za wateja wa mwanzo zikichelewa, jina lenyewe litawasuta kila mahali lilipobandikwa.

Wazo la pili ni kujiita kwa jina la Kibaha. Linasaidia mwanzoni, maana mteja anajua pa kwenda, ila wakipata shamba Dodoma litawabana. La tatu ni jina la ukoo la mmoja wao. Hilo lina uzito wa kweli, kwa sababu mtu ameweka heshima yake rehani, lakini siku wakitengana jina linabaki na mmoja na wateja wanabaki njia panda. Mimi ningechagua neno moja la Kiswahili ambalo mzazi kijijini ataliandika sawasawa akilisikia mara moja, tuseme "Msufi", kisha lifuatwe na neno linaloeleza kazi: "Viwanja". Halipambi, na mtu hawezi kulikosea kirahisi.

Baada ya hapo ni BRELA. Hapa ndipo wengi hukata kona: wanasajili jina la biashara kwa kuwa ni rahisi, halafu wanajitangaza kama kampuni. Jina la biashara haliumbi mtu mwingine kisheria. Anayedaiwa ni mwenye jina mwenyewe. Kampuni yenye ukomo wa dhima inasimama peke yake, na mteja ana haki ya kujua anashughulika na ipi kati ya hizo mbili. Tena, kusajiliwa kwa jina hakulifanyi kuwa alama ya biashara. Alama huombwa peke yake, na huduma za ardhi na majengo zimo katika daraja la 36. Alama ya Tanzania Bara haivuki bahari: Zanzibar ina wakala wake, BPRA.

Lakini mtihani wa jina haufanyiki kwenye bango. Unafanyika mteja anapotuma malipo ya kwanza kwa simu. Kabla hajaweka namba ya siri, anaonyeshwa jina la mpokeaji. Bango linasema kampuni, simu inasema jina la kijana wa mauzo. Wapo wanaoghairi hapo hapo, na wana haki. Kwa hiyo akaunti ya benki na namba ya kulipia zifunguliwe kwa jina la kampuni kabla bango halijachorwa.

Mkataba nao una lake. Kama shamba bado liko kwa jina la mzee aliyewauzia, basi kampuni haijawa mmiliki hata ikiandika jina lake kwa herufi kubwa kiasi gani. Mkataba useme wazi nani anauza, na kampuni inasimama hapo kama nani. Kampuni inayoficha jambo hilo ndiyo inayoonekana baadaye kwenye mabaraza ya ardhi, hata kama haikukusudia wizi.

Nawe unayenunua, kabla ya kulipa linganisha jina lililo kwenye cheti cha BRELA, mkataba, risiti na akaunti. Likitofautiana hata mahali pamoja, omba maelezo kwa maandishi, na fedha zako zibaki kwako mpaka uyapate.